Primia au kupandisha kawaida? Maswali tunayoulizwa na wenye chaneli za Nairobi

Kazi yangu ni kukata video na kusimamia ratiba za chaneli kadhaa za YouTube hapa Nairobi, nyingi zikiwa za vichekesho na mahojiano. Swali linalonijia mara nyingi kuliko yote ni kama primia, yaani onyesho la kwanza, inaleta watu zaidi ya kupandisha video kimyakimya. Watu huja na namba tatu mkononi: watazamaji wa wakati mmoja, wingi wa gumzo, na mara ambazo video ilitazamwa siku ya kwanza. Namba zote tatu zina kasoro zake, kwa hiyo majibu mengine hapa chini ni marefu kidogo.

Primia ni nini hasa, na inatofautianaje na kupanga video itoke saa fulani?

Ukipanga video ya kawaida itoke saa moja jioni, hakuna anayeiona kabla ya saa hiyo. Ukipanga primia, ukurasa wa video unafunguka hadharani hapo hapo. Kiungo kinaweza kutumwa, watu wanaweza kuandika kwenye gumzo, na anayetaka anaweka ukumbusho. Aliyeweka ukumbusho hupata arifa kama nusu saa kabla, na nyingine video inapoanza. Ikifika saa yenyewe kuna kuhesabu kurudi nyuma kwa dakika mbili, kisha wote wanaangalia kitu kimoja kwa wakati mmoja. Mtazamaji anaweza kurudisha nyuma lakini hawezi kuruka mbele. Video ikiisha inabaki pale pale, kiungo kile kile, kama video nyingine yoyote, na gumzo linaweza kusomwa tena kando yake.

YouTube walileta primia mwaka 2018. Si matangazo ya moja kwa moja, ingawa inafanana nayo: video imeshakamilika na kupakiwa, kinachokuwa cha moja kwa moja ni kuitazama tu.

Primia yangu ilikuwa na watu 500 ndani kwa wakati mmoja. Hiyo si zaidi ya video ya kawaida?

Huwezi kulinganisha. Video ya kawaida nayo ina watu wanaoitazama kwa wakati mmoja, ila hakuna anayekuonyesha idadi yao. Na 500 si mara 500 za kutazamwa. Ni idadi ya waliokuwa ndani katika dakika moja, ile iliyojaa kuliko zote.

Fikiria matatu inayotoka Umoja kwenda mjini. Ukiipiga picha ikiwa Jogoo Road utaona abiria 14. Picha hiyo haikuambii wangapi walipanda na kushuka njiani. Ili ujue, unahitaji pia kujua kila abiria alikaa muda gani kwenye kiti.

Hesabu yake si ngumu. Chukua wastani wa watazamaji wa wakati mmoja, si kilele, uzidishe kwa urefu wa video kwa dakika. Hapo unapata jumla ya dakika zilizotazamwa wakati wa primia. Gawanya kwa muda ambao mtu mmoja alikaa kwa wastani, na umepata makadirio ya watu waliopita. Nitaitumia hesabu hii hapa chini kwa namba kamili.

Kwa kulinganisha na wakubwa: Agosti 2020 kundi la BTS la Korea Kusini lilifanya primia ya wimbo iliyofikisha zaidi ya watazamaji milioni 3 kwa wakati mmoja. Saa 24 zilipoisha video ilikuwa imetazamwa mara milioni 101.1. Kile kilele kilichotangazwa kila mahali kilikuwa kama asilimia 3 tu ya hesabu ya siku. Hata kwa mashabiki wanaokesha wakisubiri, sehemu kubwa ya siku ya kwanza ilikuja nje ya dakika zile chache za onyesho.

Nilifanya primia Alhamisi jioni, Ijumaa asubuhi takwimu zikasema siku ya kwanza ilikuwa mbaya kuliko video ya wiki iliyopita. Primia imefeli?

Hili ndilo kosa tunalokutana nalo zaidi. Simu yenyewe huwa hivi:

"Kaka, primia imekufa. Angalia chati ya jana."

"Imetoka saa ngapi, ndugu yangu?"

"Saa moja jioni."

"Basi nipigie leo saa moja jioni."

Siku ya kwenye chati ya YouTube Studio si siku ya Nairobi. Inahesabiwa kwa saa za pwani ya magharibi ya Marekani. Usiku wa manane wa kule ni saa nne asubuhi kwetu kati ya Machi na mwanzoni mwa Novemba, na saa tano asubuhi miezi iliyobaki, kwa sababu wao husogeza saa zao na sisi hatusogezi. Kwa hiyo mhimili wa "Alhamisi" unaanza Alhamisi saa nne asubuhi yetu na kuisha Ijumaa saa nne asubuhi.

Tuifanye kwa chaneli ya mfano, ya vichekesho, yenye wafuatiliaji 38,000, kipindi cha dakika 22 kila Alhamisi, mwezi wa Juni. Namba nimezitunga zifanane na zile tunazokutana nazo kazini. Wiki ya kwanza video inapandishwa kawaida saa tano asubuhi. Wiki ya pili inafanywa primia saa moja jioni.

Mhimili wa Alhamisi unaonyesha 5,600 kwa video ya kawaida na 4,900 kwa primia, na mwenye chaneli anaona ameshindwa. Lakini video ya kawaida ilipewa saa 23 ndani ya mhimili huo, na primia ilipewa saa 15, nyingi zikiwa za usiku watu wamelala. Ukihesabu saa 24 kamili kwa kila moja tangu ilipoanza kuonekana, ya kawaida inafika 5,750 na primia inafika 6,300. Mshindi amegeuka, na hakuna mtazamaji hata mmoja aliyeongezwa.

Mwezi wa Desemba ni vibaya zaidi. Ukipandisha video saa nne na nusu asubuhi, ile nusu saa ya kwanza inaingia kwenye siku iliyotangulia, na siku yako ya kwanza kwenye chati inakuwa na dakika 30.

Sasa hiyo 6,300 dhidi ya 5,750 ni faida ya primia?

Bado. Rudi kwenye hesabu ya matatu. Tuseme primia ile ilikuwa na kilele cha watu 510, wastani wa 420, na kila mtu alikaa dakika 14. Watu 420 mara dakika 22 ni dakika 9,240. Gawanya kwa 14, unapata watu 660. Kati ya 6,300 za saa 24, primia yenyewe imeleta kama asilimia 10. Zilizobaki 5,640 zimekuja baada ya hapo, video ikiwa imeshakuwa video ya kawaida.

Na wale 660 ni akina nani? Ni waliobofya kengele, ni wale wanaojuana kwenye gumzo, ni binamu wa waigizaji. Wengi wao wangeitazama video hiyo hata ingetoka kimyakimya, ila wangeitazama Jumamosi wakiwa wamepumzika. Primia imewavuta mbele. Ndiyo maana namba ninayoiamini ni ya siku ya saba. Katika mfano wetu primia inafika 11,900 na ya kawaida 12,100. Tofauti hiyo ni ndogo mno kusemea lolote, kwa sababu hata kichwa cha video kizuri kidogo kingeileta.

Kwa kawaida ninachokiona ni hiki: saa 24 za kwanza zinapanda, siku ya pili na ya tatu zinashuka, wiki inaisha sawa. Ukiona siku ya saba nayo imepanda, na kwenye takwimu za hadhira watazamaji wapya wameongezeka, hapo kuna jambo. Ukiona wanaorejea peke yao ndio wameongezeka saa za kwanza, umewakusanya watu wako mwenyewe sebuleni. Si kitu kibaya, lakini kiite kwa jina lake.

Kwa nini basi usilinganishe video zote mbili zikitoka saa ileile?

Ndivyo inavyopaswa. Mfano wa hapo juu umechanganya mambo mawili, aina ya kutoa na saa ya kutoa, na nimeuacha hivyo kwa sababu ndivyo watu wanavyoniletea. Ukitaka jibu la chaneli yako, chukua video nane za mfululizo mmoja, siku ileile ya wiki, saa ileile, na uzipishanishe: primia, kawaida, primia, kawaida. Usichague video "nzuri" ndiyo uifanyie primia. Hapo ndipo wengi wanapojidanganya, maana kipindi chenye mgeni maarufu kinafanyiwa primia na kile cha kujazia wiki kinapandishwa tu, halafu sifa zote anapewa primia.

Mwishoni zipange primia zako nne kutoka ndogo hadi kubwa na uangalie zile mbili za katikati. Fanya hivyo kwa za kawaida pia. Wastani wa kujumlisha na kugawanya utaharibiwa na video moja iliyosambaa kwenye makundi ya WhatsApp.

Gumzo lilikuwa moto, ujumbe zaidi ya elfu moja. Hiyo inasema nini?

Inasema watu waliandika ujumbe zaidi ya elfu moja. Kabla ya kufurahi, fungua gumzo lenyewe na ulisome. Tuendelee na mfano wetu: ujumbe 1,240. Kati ya hizo, 380 ziliandikwa kabla video haijaanza, watu wakiulizana hali na kutaja mitaa yao, "Kayole tuko ndani", "Rongai stima imerudi". Zinabaki 860 ndani ya dakika 22, yaani 39 kwa dakika.

Namba hiyo peke yake hukua kadiri ukumbi unavyojaa, kwa hiyo igawe kwa wastani wa watazamaji. Thelathini na tisa kwa watu 420 ni kama ujumbe 9 kwa dakika kwa kila watu 100. Hicho unaweza kukilinganisha na primia ya mwezi jana hata kama ilikuwa na watu 200.

Kisha hesabu majina. Tukikuta majina 96, na sita kati yao wameandika ujumbe 410, theluthi moja ya gumzo lote imetoka kwa watu wanaotosha kwenye kochi na viti viwili. Watazamaji zaidi ya 500 waliopita hawakuandika neno. Simaanishi hao sita wana makosa, wao ndio wanaofanya wengine wabaki. Ninachosema ni kwamba gumzo likiongezeka mara mbili inaweza kuwa mmoja wao amekuja na dada yake.

Gumzo lina faida moja ambayo siipati mahali pengine, nayo ni kwamba lina saa. Naweza kuona kwamba dakika ya 8, mzee wa nyumba alipofungua sufuria akakuta viatu, ujumbe uliruka kutoka 35 hadi 90 kwa dakika moja. Dakika ya 15 gumzo likaanza kuzungumzia mpira. Hapo mkataji anajua pa kupunguza wiki ijayo.

Maoni chini ya video yamepungua tangu nianze primia. Kuna hitilafu?

Hakuna. Ujumbe wa gumzo hauhesabiwi kama maoni. Yule ambaye angeandika "Mama Njeri ameniua" chini ya video ameshaliandika kwenye gumzo, na hatarudi kuliandika tena. Katika mfano wetu video ya kawaida ingekuwa na maoni 160 na primia 70. Maoni yanasomwa na mtu anayekuja wiki tatu baadaye, lakini gumzo wachache sana hulifungua tena. Mimi huandika swali na kulibandika juu ya maoni dakika ile video inapoisha, na kwenye gumzo natangaza kwamba jibu linaandikwa pale chini. Husaidia kiasi.

Kwa nini mchoro wa muda wa kutazama wa primia unaonekana wa ajabu?

Kwa sababu anayeingia dakika ya 10 anaanzia walipofika wenzake, si mwanzo. Na asiyependa sehemu fulani hawezi kuiruka, anaweza tu kuvumilia au kutoka. Usikate shauri kuhusu utangulizi wa video kwa kuangalia mchoro wa saa ya kwanza. Subiri siku tatu, watazamaji wa kawaida wazidi wale wa primia.

Nichukue namba wapi kwa uhakika?

Kama hutaki kushinda na hesabu, ukurasa wa muhtasari wa video ndani ya YouTube Studio unalinganisha video yako mpya na zako 10 za karibuni kwa muda uleule tangu zilipotoka. Hiyo imeshaondoa tatizo la saa za Marekani.

Kama una mtu wa kompyuta, mwambie achukue namba mwenyewe kila dakika wakati wa primia, kisha kila saa hadi siku ya saba:

```
curl "https://www.googleapis.com/youtube/v3/videos?part=snippet,statistics,liveStreamingDetails&id=VIDEO_ID&key=API_KEY"
```

Watazamaji wa wakati mmoja wako kwenye `concurrentViewers`. Namba hiyo hutoweka primia ikiisha, kwa hiyo usipoichukua usiku huo huwezi kuirudia kwa njia hii. Mara za kutazamwa ziko kwenye `viewCount`. Kwa primia anza kuhesabu saa 24 kutoka `actualStartTime`, kwa video ya kawaida kutoka `publishedAt`. Saa zinazorudi ni za UTC, ongeza tatu: ukiona `16:00:00Z` ni saa moja jioni Nairobi. Ombi moja linatumia kipimo 1 kati ya 10,000 unavyopewa kwa siku, kwa hiyo hata ukiuliza kila dakika mchana na usiku unatumia 1,440.

Nikinunua matangazo ili siku ya kwanza ijae, itahesabiwa?

Itaonekana kwenye hesabu ya video. Lakini tangu Septemba 2019 YouTube hawahesabu mitazamo ya matangazo ya kulipia kwenye rekodi za saa 24 za nyimbo wala kwenye chati zao za muziki. Kwenye ulinganisho wako mwenyewe itoe kwanza, la sivyo unapima pochi yako.

Mapato?

Wakati wa primia tangazo linaonekana mwanzoni tu. Yale ya katikati ya video huanza kufanya kazi primia ikishaisha. Kwa kipindi cha dakika 22 chenye matangazo mawili katikati, wale watu 660 wamepita bila kuyaona. Upande wa pili, watazamaji wanaweza kutuma pesa kwenye gumzo kama chaneli imeruhusiwa, ila wengi wa watazamaji wetu hawana kadi ya benki iliyounganishwa na simu, kwa hiyo usipige bajeti juu yake.

Niweke primia saa ngapi Nairobi?

Saa kumi na mbili hadi saa moja jioni watu wako kwenye jamu ya Thika Road na Mombasa Road wakitumia bando. Wataingia na kutoka, kilele kitakuwa kizuri na wastani utakuwa mbaya. Saa mbili na nusu hadi saa tatu usiku wako nyumbani, wengine wana waifai, na wanakaa. Lakini hadhira ya kina mama wa Eastleigh si hadhira ya wanafunzi wa Juja. Pima kwa kuangalia pengo kati ya kilele na wastani: likiwa kubwa, watu wanachungulia tu.

Na ukiweka saa, iangalie mara mbili. Mwaka juzi niliandikiwa kwenye karatasi "saa 1", nikiwa na usingizi nikaweka `7:00 AM`. Primia ilianza watu wakipiga mswaki. Walikuwepo 11, mmoja wao mama yangu, aliyeandika kwenye gumzo kama nimekula.

Nipange primia siku ngapi kabla?

Siku moja au mbili. Ukiweka wiki nzima, picha ya jalada inaanza kuwatokea watu kwenye ukurasa wa mwanzo, wanabofya, wanakuta kuhesabu siku, wanatoka. Wengine hawarudi. Yule aliyebofya Jumatatu alitaka kucheka Jumatatu.